Kamina: Mbele ya kuweka nyumba ya urisi kama dhamana ya banki, nani anapashwa kukubali?

Huko Kamina, mvuno wa mahindi unapokaribia, wafanyabiashara wadogo wanaanza kutafuta franga. Sababu inajulikana: mahindi yananunuliwa kwa bei ya chini wakati magunia yamejaa vijijini, na yanauzwa kwa bei nzuri miezi kadhaa nyuma, wakati stoku zimepungua. Mwenye franga mkononi wakati wa mvuno anapata faida. Asiye nazo anaenda kukopa, na banki inamuuliza swali moja: utaacha nini kama dhamana?

Watu wengi hawana kitu kingine cha kuonyesha isipokuwa lupango. Na mara nyingi lupango lenyewe si la mtu mmoja. Ni nyumba ambayo baba aliacha, mama bado anaishi ndani, na watoto wametawanyika Lubumbashi, Kolwezi na kwingine. Ndipo karatasi inaanza kutembea kutoka kwa ndugu mmoja kwenda kwa mwengine, pamoja na maneno yale yale: "Tia tu sinyatiri, ni makaratasi ya banki, haina neno."

Lakini neno liko. Mtu anayetia sahihi anaweza kupoteza nyumba kwa deni ambalo si lake. Na anayekopa bila kuomba ndugu zake anaweza kupoteza mkopo, ao kujikuta mbele ya tribinali na mama yake mwenyewe. Ili kuelewa ni nani anapashwa kuombwa ruhusa na namna gani, ni vizuri kufuata mfano mmoja mpaka mwisho.

Mfano: nyumba ya mfanyakazi wa reli

Tuseme baba alikuwa mfanyakazi wa SNCC, shirika la reli. Alioa, na wakati wa ndoa alinunua lupango na kujenga nyumba katika mji wa Kamina. Lupango lina sertifika ya uandikishaji, yaani ile hati ambayo konservateri wa hati za ardhi anatoa. Baba amekufa bila kuacha testama. Ameacha mjane, watoto wane, mama yake mzazi ambaye anaishi Kabongo, na ndugu zake wawili, mmoja Bukama, mwengine Kaniama. Kati ya watoto, wa mwisho ana miaka 16.

Nyumba inakadiriwa kuwa na bei ya dola 24 000. Mtoto wa kwanza, ambaye anafanya biashara ya mahindi, anataka kukopa dola 10 000 kwa mwaka mmoja. Banki inakubali kimsingi, ikiwa nyumba itawekwa hipoteki, maana yake itaandikwa kama dhamana ya deni. Kijana anafikiri: "Mimi ni mukubwa, baba alipokufa jamaa ilinipa kazi ya kuangalia mali. Nitatia sahihi mwenyewe."

Hapo ndipo kosa la kwanza linaingia. Yeye anafikiri nyumba ni yake, ao angalau ni ya watoto wane. Sheria inahesabu kwa namna nyingine kabisa.

Hesabu ya wenye nyumba

Hesabu inaanza na ndoa, hata mbele ya urisi. Ikiwa bwana na bibi hawakuchagua mpango mwengine wakati wa kuoana, Sheria ya jamaa ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987 inawaweka katika mpango ambapo vitu walivyopata kwa kununua ao kwa kazi wakati wa ndoa ni vya wote wawili. Nyumba yetu ilinunuliwa wakati wa ndoa. Kwa hiyo nusu yake, dola 12 000, ni ya mama tangu zamani. Nusu hiyo haingii hata kidogo katika urisi wa baba.

Nusu inayobaki ndiyo urisi. Kwa urisi usio na testama, sheria ile ile inapanga warisi kwa vikundi. Watoto wanapata robo tatu, kila mmoja sehemu sawa, mwanaume na mwanamke bila ubaguzi. Mtoto aliyezaliwa inje ya ndoa, ikiwa baba alimtambua wakati wa maisha yake, anahesabiwa sawa na wengine. Robo moja inayobaki inaenda kwa kikundi cha pili: mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu za marehemu. Wote watatu wakiwepo, kila upande unapata sehemu moja ya kumi na mbili ya urisi.

Sasa turudi kwa franga. Urisi ni dola 12 000. Robo tatu ni 9 000, na ukigawanya kwa watoto wane, kila mmoja anapata 2 250. Robo moja ni 3 000: mama anapata 1 000, nkambo wa Kabongo 1 000, na ndugu wawili wa baba 1 000, yaani 500 kila mmoja.

Matokeo yanashangaza jamaa nyingi. Mama, kwa kujumlisha nusu yake na sehemu yake ya urisi, ana dola 13 000 katika nyumba ya 24 000. Mtoto wa kwanza, ambaye anataka kuiweka yote banki, ana 2 250, chini ya sehemu moja ya kumi. Na wenye nyumba si watu watano. Ni watu wanane, kwa kuwa nkambo wa Kabongo na baba wadogo wa Bukama na Kaniama nao wamo, hata kama hawajawahi kulala ndani ya nyumba ile.

Na kazi ya kuangalia mali ambayo jamaa ilimpa? Sheria inaitambua: likwidateri wa urisi, kwa kawaida mkubwa kati ya warisi ao yule waliyemchagua, anakusanya mali, analipa madeni ya marehemu na kugawanya kinachobaki. Kazi yake ni kumaliza urisi. Kuwa likwidateri hakumfanyi awe mwenye nyumba, na hakumpi ruhusa ya kuweka mali ya wengine rehani kwa ajili ya biashara yake binafsi.

Sheria inasema nini kuhusu dhamana ya mali ya watu wengi

Tangu tarehe 12 mwezi wa kenda 2012, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inafuata sheria za OHADA, umoja wa inchi za Afrika ambazo zimeunganisha sheria zao za biashara. Moja ya sheria hizo, iliyopitishwa tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 2010, inahusu dhamana. Kifungu chake cha 194 kinagusa moja kwa moja mambo ya nyumba ya watu wengi ambayo bado haijagawanywa.

Kifungu hicho kinafungua njia mbili. Njia ya kwanza: wenye mali wote, kwa kupatana, wanaiweka hipoteki. Hapo hipoteki inakuwa na nguvu, na inabaki na nguvu hata nyumba ikigawanywa ao ikiuzwa kesho. Njia ya pili: mmoja wao anaweka hipoteki peke yake. Sheria haimkatazi kabisa, lakini hipoteki yake inategemea mgawanyo. Ikiwa siku ya kugawanya nyumba inaenda kwake, dhamana inasimama. Nyumba ikiuzwa kwa mtu wa inje, banki inafuata tu kile ambacho yeye atapata katika bei. Na kama nyumba inaenda kwa mwengine, hipoteki inaanguka.

Kwa mfano wetu, ni rahisi kuona kwa nini banki haitaki njia ya pili. Mama ana zaidi ya nusu na anaishi ndani. Siku ya mgawanyo, kuna nafasi kubwa nyumba ibaki kwake, naye awalipe wengine sehemu zao kidogo kidogo. Banki iliyokopesha dola 10 000 kwa sahihi ya mtoto wa kwanza peke yake itabaki na karatasi mkononi. Ndiyo sababu afisa wa mikopo anayejua kazi yake anauliza swali lililo nyuma ya "nyumba ni ya nani?", yaani: "nani mwengine?"

Jambo la kushika hapa ni kwamba, ili nyumba nzima iwe dhamana, hakuna kupiga kura. Watu saba wakikubali na mmoja akikataa, nyumba nzima haiwezi kuwekwa. Baba mdogo wa Kaniama mwenye dola 500 ana uwezo wa kusema hapana sawa na mama mwenye 13 000. Wengine wanaona ni ukali. Lakini nyumba ikiuzwa na banki, hata zile dola 500 zinaondoka nayo.

Kukubali kunafanywa namna gani

Katika jamaa nyingi, mambo yanamalizika kwa kikao. Wazee wanakaa, mtu anaandika prose verbal kwenye daftari, kila mmoja anatia sahihi, na picha inatumwa kwenye simu ya yule wa Kolwezi ili naye aandike "niko sawa". Kikao hicho kina maana yake kwa amani ya jamaa, lakini kwa hipoteki hakitoshi.

Kwanza, kuna hatua ya mbele: sertifika bado iko kwa jina la marehemu. Mfu hawezi kuweka dhamana. Warisi wanapashwa kupata uamuzi wa tribinali kubwa, ile inayoitwa TGI, unaowatambua kama warisi, kisha kwenda kwa konservateri ili sertifika mpya itoke kwa majina yao. Hapo ndipo majina yote yanapashwa kuonekana. Jamaa inayoruka hatua hii kwa kuogopa gharama ao kupoteza muda inajikuta ikizungumza na banki juu ya nyumba ambayo, kwenye makaratasi, si ya mtu aliye hai.

Pili, hipoteki yenyewe inafanywa kwa akti ya notere, ao kwa akti ya watu wenyewe iliyoandikwa kwa kufuata mfano ambao ofisi ya konservateri imekubali. Kisha inaandikwa katika vitabu vya konservateri. Bila kuandikwa huko, watu wa inje hawalazimishwi kuiheshimu.

Tatu, ndugu aliye mbali anaweza kutuma mtu kwa prokirasio. Lakini ikiwa hipoteki inafanywa kwa notere, prokirasio nayo inapashwa kufanywa kwa notere. Ndugu wa Kolwezi anaweza kwenda kwa notere wa kule kule, bila safari ya Kamina. Ujumbe wa simu hauwezi kuchukua nafasi yake. Na prokirasio nzuri inataja lupango gani, banki gani, deni la kiasi gani na kwa muda gani. Ile inayosema tu "ninamruhusu yaya kufanya yote juu ya nyumba" ni mlango uliofunguliwa bila kujua ni nani atapita.

Ine, mtoto wa miaka 16 hawezi kukubali mwenyewe, na mama yake hawezi kukubali kwa niaba yake kama mtu anayetoa ruhusa ya safari ya shule. Kuweka mali ya mtoto asiyetimiza miaka 18 rehani kunaomba ruhusa ya tribinali, na tribinali itauliza: mtoto huyu atapata faida gani? Deni la mahindi ya kaka yake ni vigumu kulieleza kama faida ya mtoto. Mara nyingi ndipo mpango wote unakwama, na ni bora ukwame mapema kuliko baada ya akti kuvunjwa na tribinali.

Kuna jambo lingine ambalo watu wanalichanganya. Mbele ya mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya bwana yake kwa kutia sahihi akti za namna hii. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016, iliyorekebisha Sheria ya jamaa, iliondoa ruhusa hiyo na kusema kwamba bibi na bwana wanapashwa kupatana. Kwa hiyo dada wa Lubumbashi aliyeolewa hawekwi tena chini ya ruhusa ya bwana yake ili kusema ndiyo ao hapana juu ya urisi wa baba yake. Na upande mwengine, bwana anayeweka hipoteki nyumba ya ndoa anahitaji makubaliano ya bibi yake, hata kama jina la bibi halisomeki kwenye sertifika.

Barua ya kuomba ndugu: iandikwe nini

Kwa kuwa kila mmoja anaweza kusema hapana, anayeomba ana faida kueleza yote waziwazi. Barua nzuri haihitaji Kifaransa kikubwa. Katika mfano wetu, ingesema hivi: lupango lenye sertifika fulani, banki fulani, mkopo wa dola 10 000, miezi 12, riba ya kiasi fulani, malipo ya kila mwezi ao malipo ya mwisho mara moja, na franga zitanunua nini.

Kisha kuna namba moja ambayo barua nyingi zinaficha: kiasi ambacho hipoteki itaandikiwa. Hicho si sawa na mkopo. Tuseme riba ni asilimia 2 kwa mwezi juu ya franga zote, kwa miezi 12: ni dola 2 400. Banki itaongeza gharama za kufuatilia deni, na inaweza kuomba hipoteki iandikwe kwa dola 13 000. Ndugu aliyefikiri anakubali 10 000 amekubali nyumba iwajibike mpaka 13 000. Sheria ya OHADA inalazimisha kiasi kitajwe katika akti, na kwa hiyo kila ndugu ana haki ya kukisoma mbele ya kutia sahihi.

Mwishoni, barua iseme yule anayeomba atafanya nini akishindwa. Je, ana pikipiki, stoku ao vitu vingine vya kuuza mbele ya nyumba kuguswa? Je, ndugu wataonyeshwa risiti ya malipo kila mwezi? Kwa kawaida nyumba inauzwa baada ya miezi mingi ya kutolipa, na ndugu wanapata habari siku hujie anapofika na karatasi. Kuonyeshwa risiti kila mwezi kunawapa nafasi ya kujua wakati bado wanaweza kufanya kitu.

Anayetia sahihi anajifunga kwa nini?

Hapa kuna tofauti ndogo kwenye karatasi, kubwa katika maisha. Ndugu anayekubali sehemu yake katika nyumba iwe dhamana ya deni la mwengine anaweka nyumba tu. Kama deni halilipwi, banki inaweza kuuza nyumba, lakini haiwezi kumfuata kwenye mshahara wake, kwenye gari lake ao kwenye konti yake. Akimaliza kupoteza sehemu yake, deni halimfuati tena, na yeye ana haki ya kumdai kaka yake bei ya kile alichopoteza.

Lakini katika mafungu ya makaratasi ya banki, kunaweza kuwa na akti nyingine ambayo inasema kwamba anayetia sahihi ni mdhamini wa deni lote, pamoja na mkopaji, kwa mali yake yote. Maneno ya kutafuta ni "kosion" na "solideri". Ndugu aliyekubali kwa ajili ya nyumba tu anaweza kukataa karatasi hiyo bila kuvunja neno lake kwa jamaa. Kinachomtambulisha ni swali moja kwa afisa wa banki, tena kwa maandishi: "Nikitia sahihi hapa, mnaweza kuchukua nini kingine kisicho nyumba hii?"

Ni vizuri kujua pia mpaka wa banki. Karatasi inayosema kwamba deni lisipolipwa nyumba ya kukaa inakuwa mara moja mali ya banki haina nguvu. OHADA inakubali mapatano ya namna hiyo kwa mali za biashara za watu ao makampuni yaliyoandikishwa katika rejista ya biashara, lakini si kwa nyumba ambayo watu wanaishi ndani. Kwa nyumba ya mama, banki inapashwa kupitia ukamataji na mnada, na wenye nyumba wote waliotia sahihi wanapashwa kujulishwa. Ni wakati huo ambapo jamaa bado inaweza kulipa na kuokoa nyumba.

Mahali ambapo mambo yanaharibika zaidi

Hatari kubwa haitokani na banki. Inatoka katika jamaa, pale ambapo mmoja anakwenda TGI na kwa konservateri akisema yeye ni mrisi peke yake, na anarudi na sertifika yenye jina lake tu. Kisha anaenda banki. Banki inaangalia sertifika, inaona jina moja, inakopesha. Banki haikukosea: sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema sertifika ya uandikishaji ndiyo ushuhuda kamili wa haki juu ya lupango.

Sheria hiyo hiyo inaongeza ukali mwengine. Miaka 2 ikipita bila mtu kushambulia sertifika, inakuwa vigumu sana kuivunja, na mara nyingi kinachobaki ni kudai malipo kwa yule aliyedanganya. Mama anayegundua mwaka wa tatu kwamba nyumba iko kwa jina la mwanae na imewekwa hipoteki anaweza kushinda kesi na bado kupoteza nyumba. Kumdai franga mtu ambaye ameshindwa kulipa banki ni kumdai aliyekwisha kufilisika.

Kwa hiyo kinga haianzi siku ya mkopo. Inaanza mara baada ya matanga. Mrisi yeyote anaweza kwenda kwa konservateri na kuomba kujua lupango limeandikwa kwa jina la nani na kama kuna mzigo wowote juu yake. Akikuta jina moja ambapo yanapashwa kuwa manane, anaenda kwa avoka ao tribinali siku hizo hizo. Ishara nyingine za kuangalia: sertifika ya zamani imetoka nyumbani na hakuna anayejua iko wapi, mtu anaomba photokopi za karte za warisi bila kueleza sababu, watu wasiojulikana wanakuja kupima nyumba na kupiga picha. Banki inapima nyumba mbele ya kukopesha, na mara nyingi ndiyo habari ya kwanza ambayo mama anapata.

Kwa nyumba nyingi za Kamina hali ni tofauti kidogo: hakuna sertifika kabisa, kuna tu fishi ya lupango ya komini ao karatasi ya kuuziana. Kwa makaratasi hayo hipoteki ya kweli haiwezekani, kwa kuwa inafanywa juu ya mali iliyoandikishwa. Lakini wakopeshaji wa mtaani, wale wanaoitwa "banki lamberi", wanayapokea. Na wanachoomba kutiwa sahihi mara nyingi ni karatasi ya kuuza nyumba, yenye tarehe ya leo, itakayopasuliwa deni likilipwa. Hapo ndugu hawaombwi kitu, na siku ya kushindwa mkopeshaji anakuja kama mnunuzi. Kwa warisi wengine, njia ni kuonyesha tribinali kwamba aliyeuza hakuwa na haki ya kuuza sehemu zao.

Jamaa ya mfano wetu ingeweza kufanya nini?

Kwa nyumba ile ya dola 24 000, mtoto wa miaka 16 yuko ndani, na hilo peke yake linafanya hipoteki ya nyumba nzima iwe ngumu kwa miaka 2 inayokuja. Kijana ana njia mbili. Ya kwanza ni kukopa kidogo, kwa dhamana ya kitu kilicho chake: mahindi yenyewe. Sheria ya OHADA inaruhusu stoku iwe dhamana. Magunia yanawekwa katika depo, yanahesabiwa, na yanatoka kadiri deni linavyolipwa. Tabu ni kwamba banki inahitaji depo ambayo inaiamini na mtu wa kuichunga, na bei ya mahindi ikianguka, dhamana inaanguka nayo.

Ya pili ni kumaliza urisi kwanza. Tribinali inatambua warisi wanane, sertifika inaandikwa upya, na jamaa inapatana nani anabaki na nyumba. Ikiwa mama anabaki nayo na kulipa sehemu za wengine kidogo kidogo, basi siku nyingine mtoto atakuwa na mtu mmoja tu wa kuomba. Mama ataweza kusema ndiyo ao hapana akijua kwamba anaweka nyumba yake mwenyewe, si ya nkambo wala ya mtoto wa mwisho.

Na ikiwa wote wanakubali kweli, na mkopo unalipwa, bado kuna hatua moja ambayo watu wanasahau. Deni likiisha, hipoteki haijifuti yenyewe katika vitabu vya konservateri. Jamaa inapashwa kuomba banki karatasi inayosema inaachilia dhamana, kisha kuipeleka kwa konservateri ili mzigo ufutwe. Bila hiyo, miaka kumi nyuma, siku wajukuu watataka kuuza, watakuta nyumba bado ina deni la mahindi ambayo yaliliwa zamani.